Makinga maji ya fanya juu: umbali wa mita 12 na nusu ni sawa?

Mkulima_Mwakirunge: Salamu wandugu. Nina shamba la mteremko huku Mwakirunge. Simu iliniandikia mwinamo 12. Nikafuata hesabu ya afisa: gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Nikapata mita 1.5 ya kimo, yaani ardhi ishuke hivyo kutoka kinga hadi kinga. Kimo gawanya kwa 12, zidisha kwa 100, ikatoka mita 12.5 kutoka kinga hadi kinga. Nimeshachimba mbili, na mvua ya Mei imeibomoa ya chini. Nimekosea wapi?

Bi_Shamba: Hesabu ndefu za nini? Weka mita 10, uchimbe. Sisi hufanya hivyo miaka yote.

Fundi Pimamaji: Bi Shamba, mita 10 kwenye shamba la karibu tambarare ni kazi ya bure, na kwenye mwinuko mkali ni mbali mno. Ndugu, hiyo 12 ilikuwa na kialama cha digrii? Hesabu ile yataka asilimia. Usiamini simu. Funga kamba ya mita 5, ncha ya juu iguse ardhi, iweke sawa kwa pimamaji, upande wa chini pima kutoka kamba hadi ardhini.

Mkulima_Mwakirunge: Nimetoka kupima sasa hivi. Sentimita 106!

Fundi Pimamaji: Basi ni asilimia 21, digrii 12 hiyo hiyo. Rudia: 21 kwa 4 ni 5.25, ongeza 2, mara 0.3, kimo ni kama mita 2.2. Umbali unashuka hadi mita 10.4. Na huo ni umbali wa kamba iliyolala sawa. Ukivuta futi juu ya ardhi ni kama 10.6.

Mtoto_wa_Taita: Kwetu Wundanyi tunajenga kwa mawe. Mawe huko hamna?

Mkulima_Mwakirunge: Mawe hakuna, shekhe. Fundi, kwa hiyo ilibomoka kwa sababu ya hizo mita mbili?

Fundi Pimamaji: Sidhani. Maji yalipita juu ya tuta lote, au yalitoboa mahali pamoja?

Mkulima_Mwakirunge: Pamoja tu, karibu na mwembe. Kwengine tuta lipo zima.

Fundi Pimamaji: Hapo mstari wako umezama. Maji ya kinga nzima yalikimbilia kwenye mwembe. Umbali ukizidi, utaona yamefurika urefu wote. Rudia mstari kwa pimamaji kabla ya kujaza, la sivyo hata ukisogeza utabomoka tena.

Mama Kilimo: Mimi nisingekubali mita 2.2. Fanya juu ikishajaa, ukuta wake unakuwa mrefu na unaporomoka. Mimi husimama kwenye 1.8, kwa mwinamo huo ni kama mita 8.6.

Fundi Pimamaji: Ni kinga moja zaidi kuchimba, mama, na vibarua ni pesa. Udongo wake ukoje, mchanga au mfinyanzi?

Mkulima_Mwakirunge: Juu mchanga, chini unanata. Kesho nachimba shimo nione unaanzia wapi.