Msaada: lini nilinganishe moja kwa moja, lini nitumie kikomo?

Binti_Uyole: Wakuu, niko mwaka wa kwanza hapa Mbeya. Mfululizo wa √(n+4)/(n² − 3n + 5) unakonveji au unadaivaji? Naona unafanana na 1/n^(3/2), ambao unakonveji. Tatizo ni kwamba kuanzia n = 2 asili yangu ni ndogo kuliko n², na kiasi ni kikubwa kuliko √n. Kwa hiyo niko juu ya unaokonveji, na hapo sipati jibu. Nibadilishe wa kulinganishia, au nibadilishe kipimo?

Mzee_Kihesa: Tumia 1/n, binti. Ukigawanya kikomo kinatoka 0, wako ni mdogo mno. Unakonveji.

Fundi_Namba: Shikamoo mzee. Jibu ni sahihi ila njia haishiki. 1/n unadaivaji, na kuwa chini ya unaodaivaji hakutuambii kitu. 1/(n ln n) nao ukigawanya kwa 1/n unapata 0, na bado unadaivaji.

Binti, usiuache 1/n^(3/2). Juu kipeo kikubwa ni nusu, chini ni 2, tofauti yao 3/2. Huwa tunautafuta hivyohivyo. Sasa gawanya wako kwa huo, unabaki na √(1 + 4/n)/(1 − 3/n + 5/n²), inayoelekea 1. Ni namba chanya yenye mwisho, basi wakikonveji wanakonveji wote. Kikomo hakijali nani yuko juu.

Kaka_Njombe: Mbona mimi kikomo kimenigomea? Nina (2 + sin n)/n², nimegawanya kwa 1/n² naona inayumba tu.

Fundi_Namba: Lako ndilo la moja kwa moja, kaka. Juu haivuki 3, linganisha na 3/n².

Mwl_Tukuyu: Hata la binti linakubali moja kwa moja, ukiweka namba mbele. n² − 3n + 5 haishuki chini ya n²/2, kwa sababu n² − 6n + 10 ni (n − 3)² + 1, daima chanya. Kuanzia n = 4, √(n+4) haizidi √(2n). Unganisha: wako hauzidi 2√2/n^(3/2). Kwenye mtihani ningeandika hii.

Fundi_Namba: Mwalimu, kengele italia bado anatafuta hiyo nusu!

Mwl_Tukuyu: Swali likisema "kwa kulinganisha moja kwa moja" utafanyaje?

Binti_Uyole: Asanteni. Na (√(n+4) − √n)/n je? Nikichukua vipeo vikubwa, juu vinafutana nabaki na sifuri.

Fundi_Namba: Kwenye kutoa usikimbilie vipeo. Zidisha kwanza juu na chini kwa √(n+4) + √n. Juu inabaki 4, chini n(√(n+4) + √n), ambayo n ikiwa kubwa ni kama 2n√n. Umerudi kwenye 1/n^(3/2), na kikomo safari hii ni 2.