Naomba ushauri: hadwea inauza vizuri ila keshi haionekani

Wakuu habari, nina hadwea huku Mbeya, faida kwenye daftari ipo ila kila mwisho wa mwezi nahangaika na kodi. Nimepiga hesabu hivi: stoku ya 27m nikigawa kwa gharama ya mzigo unaotoka kwa siku, 600,000, napata siku 45. Madeni ya wateja 30m kwa mauzo ya 750,000 kwa siku ni siku 40. Sapulaya ananidai 12m, kwa ile 600,000 ya mzigo kwa siku ni siku 20. Kwahiyo 45+40-20, hela yangu inazunguka siku 65 ndo irudi mkononi.

Na hiyo 40 yenyewe inadanganya, maana nusu ya mauzo ni ya keshi, wale wakandarasi wa mkopo ukiwatoa peke yao ni kama siku 80 hivi! Simenti haimalizi wiki, vigae ndo vinalala.

Sasa sapulaya anasema nikilipa keshi papo hapo ananipunguzia asilimia 2, ila mzunguko unaruka hadi siku 85 na nitafute 12m nyingine. Nikubali, au nianze kuwabana wakandarasi kwanza bila kuwapoteza? Mnaofanya biashara hii mnawabanaje?