Naomba ushauri: VRN inatosha kupima ukubwa wa kampuni?

Wakuu, habari za majukumu. Nauza mifuko ya kufungashia nafaka, Dodoma. Kuna kampuni inataka mzigo wa milioni 40 kwa mkopo wa siku 60. Kwenye risiti yake ya EFD nimeona TIN, ila haina VRN, yaani haijasajiliwa VAT. Wenyewe wanadai mauzo yao ni zaidi ya bilioni moja kwa mwaka.

Najua tangu Julai 2023 kiwango cha lazima ni mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12, kwa hiyo haraka haraka ningesema wananidanganya. Lakini hawa wanauza mahindi ghafi, na mazao yasiyosindikwa yana msamaha wa VAT, hivyo hayaingii kwenye hesabu hiyo. Tena mwanasheria au mhasibu husajiliwa hata kama ofisi yake ni ndogo.

Wanasema pia faili lao liko Idara ya Walipakodi Wakubwa ya TRA. Waliowahi kukopesha wateja wa namna hii, mliomba karatasi gani kuthibitisha: hati ya usafi wa kodi, hesabu zilizokaguliwa, au taarifa za benki?