Mimba ya wiki 33: mtoto amepunguza kucheza na nimeona damu, je, nisubiri kliniki ya Jumatatu?

Mama Mtarajiwa (Ijumaa, saa 2:15 usiku)

Habari zenu wanajukwaa. Mimba yangu ina wiki 33, ni ya pili, na ile ya kwanza nilijifungua kwa upasuaji. Mtoto huyu ana desturi ya kucheza sana baada ya chakula cha jioni, hata mume wangu akiweka mkono huona tumbo likiinuka upande wa kulia. Tangu jana jioni amepoa, anajisogeza mara chache tena kwa unyonge. Leo baada ya magharibi nilikuta damu nyekundu kwenye nguo ya ndani, kiasi cha ukubwa wa kiganja, kisha ikakata. Sina maumivu yoyote.

Ultrasaundi ya wiki 20 ilionyesha kwamba kondo la nyuma limekaa chini, nikaambiwa kwamba kwa kawaida hupanda lenyewe, hivyo sikurudia kipimo. Mama mkwe anasema ni dalili za kujifungua mapema na kwamba nipumzike. Tupo Mkuranga ndani kidogo, zahanati iko karibu, lakini kufika hospitali ya wilaya ni safari ndefu ya pikipiki. Je, ninaweza kusubiri hadi Jumatatu?

Baba Pacha

Pole sana, dada. Mke wangu naye watoto walipunguza kucheza mwishoni, tukaelezwa kwamba mtoto akikua nafasi humbana. Kunywa kitu baridi chenye sukari, lala ubavu wa kushoto mahali patulivu, kisha hesabu. Akicheza mara 10 ndani ya saa mbili hakuna tatizo, na kwa kuwa damu imekata yenyewe, nadhani usiku huu unaweza kupumzika.

Binti Pemba

Mimi nilitokwa na damu mimba ikiwa na wiki nane, nikapewa mapumziko na mtoto wangu leo anasoma chekechea. Usiogope, dada, wengi hupitia hali hiyo.

Mkunga wa Zamu

Mama Mtarajiwa, usisubiri Jumatatu wala asubuhi. Ondoka usiku huu, na nitaeleza sababu wakati mwenzio anatafuta usafiri.

Damu ya wiki nane, ambayo Binti Pemba ameizungumzia kwa nia njema, na damu ya wiki 33 ni mambo mawili tofauti. Katika umri huu wa mimba, damu nyekundu isiyo na maumivu, kwa mama ambaye kondo lake lilionekana chini, huhesabiwa kuwa inatoka kwenye kondo lililo karibu na mlango wa kizazi au lililoufunika, mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo. Ni kweli kwamba makondo mengi yanayoonekana chini wiki ya 20 hupanda kadiri kizazi kinavyotanuka, lakini lako halijaangaliwa tena, na isitoshe una kovu la upasuaji. Kondo likikaa juu ya kovu linaweza kujishikiza ndani mno likakataa kubanduka wakati wa kuzaa, na kwa sababu hiyo unahitaji mahali penye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa na daktari atakayelitafuta jambo hilo kwenye ultrasaundi.

Kukata kwa damu kusikutulize. Damu ya kondo la chini mara nyingi huanza kidogo, ikaacha, kisha ikarudi kwa wingi bila kutoa taarifa.

Hapo zahanati, au popote utakapopita, tamka mapema: "Nina wiki 33, nimetokwa na damu, kondo liko chini, na nimewahi kupasuliwa." Usikubali mtu akupime njia kwa vidole kabla kondo halijaonekana kwenye ultrasaundi, kwa maana kidole kinaweza kuligusa na kufungulia damu isiyozuilika kirahisi. Vaa pedi safi na usiitupe, ili wapokeaji waone kiasi kilichotoka. Chukua kadi ya kliniki na ile karatasi ya ultrasaundi, na uende na ndugu wanaoweza kuchangia damu.

Pigeni 115, ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Pikipiki iwe chaguo la mwisho kabisa, kwa sababu ukizimia njiani huwezi kujishikilia. Kama damu itarudi, au moyo ukienda mbio, ukasikia baridi na kizunguzungu, waarifuni waliotuma gari, nawe ulale kwa ubavu wa kushoto.

Baba Pacha

Nashukuru kwa ufafanuzi, mkunga, na dada afuate hayo. Naomba kuuliza tu: kuhesabu mara 10 si ndiko tunakofundishwa kliniki?

Mkunga wa Zamu

Kunafundishwa, na kwa mama asiye na damu, ambaye hana uhakika kama mtoto amepoa au yeye mwenyewe alikuwa na shughuli nyingi, kulala ubavu na kuhesabu kwa saa mbili kunasaidia. Mwenye damu hahesabu, anaondoka. Hoja ya nafasi kubana siikubali: aina ya mchezo inaweza kubadilika, mateke yakawa kama kujinyoosha, lakini mtoto mzima huendelea kucheza hadi siku ya uchungu. Soda nayo haimtibu mtoto anayekosa hewa ya kutosha, inachelewesha safari tu.

Nesi Kisauni

Niongeze kutoka Mombasa. Mimi hiyo hesabu ya 10 siipendi hata kidogo, kwa sababu yuko mtoto wa mara 30 ambaye akishuka hadi 12 ameshaanza kuchoka, na mama yake anaambiwa amefaulu. Huwa nawauliza akina mama, "Je, huyu ndiye mtoto wako wa kila siku?" Akijibu hapana, tunampima.

Mkunga wa Zamu

Nakuelewa, dada, ila mama aliye mbali na hospitali huhitaji pia kipimo anachoweza kumweleza mume anayesita kutoa nauli. Sijaona njia nyingine inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mama Swaumu

Naomba niongeze yangu, kwa sababu haikufanana na hii. Nilikuwa na presha, tumbo likakaza ghafla likawa gumu kama ubao bila kuachia, nikawa na maumivu makali, na damu iliyotoka nje ilikuwa nyeusi tena kidogo mno. Kondo lilikuwa limebanduka na damu imejikusanya ndani. Nilifanyiwa upasuaji usiku uleule, mtoto hakupona. Mwenye maumivu ya namna ile asipime hatari kwa damu anayoiona kwenye pedi.

Mama Mtarajiwa (Jumamosi, saa 4:40 asubuhi)

Nipo wodini. Gari lilikuja, na damu ilirudi njiani, safari hii ikalowesha pedi. Ultrasaundi imeonyesha kondo limefunika mlango wa kizazi. Mapigo ya moyo ya mtoto yamefuatiliwa kwa mashine na wamesema yanaridhisha, nami nimemsikia akicheza alfajiri. Nimechomwa sindano ya kukomaza mapafu yake, na nitapewa nyingine. Daktari anataka nihamishiwe hospitali ya rufaa ili kovu liangaliwe. Mume wangu anauliza kama damu ikitulia tunaweza kusubiri nyumbani.

Mkunga wa Zamu

Kwa umbali mlioueleza, mimi ningebaki karibu na chumba cha upasuaji, lakini daktari aliyekupima ndiye mwenye kauli. Muulizeni pia kundi lako la damu: likiwa hasi, kuna sindano ya anti-D inayotakiwa ndani ya saa 72 tangu damu ilipotoka, na si kila hospitali huwa nayo, kwa hiyo waulize leo.