Wakuu, kumbe "cases" sio kesi? Nimekula sifuri kwenye pasej

Muuza Vitenge: Habari za jioni wakuu. Niko dukani Kariakoo, usiku nasoma narudia mtihani wa kidato cha nne. Jana tulipewa pasej ina maneno haya: "Twelve cases of cholera were reported. After treatment, nine were fine." Mi nikaelewa watu 12 wameripotiwa wana kesi, labda wametiririsha maji machafu, afu 9 wakapigwa faini. Hiyo "treatment" sikuijua nikairuka. Swali likauliza wangapi wamepona, nikaandika hakuna. Stori yote ilikaa sawa kichwani ndo maana sikushtuka. Nafanyaje?

Kigogo Fresh: Kesi za maji machafu malizaneni serikali ya mtaa mkuu, usikubali kutoa hela bila risiti.

Ticha Mstaafu: Kigogo soma uzi kwanza. Kijana, hilo neno lilipohamia kwetu lilikuja na maana ya mahakamani, zingine zikabaki kwao. Kwao mgonjwa mmoja wa kipindupindu ni "case" moja. Angalia jirani yake, baada ya "of" kuna ugonjwa, na mtu hashtakiwi kwa kuugua. Ya mahakamani mara nyingi utakuta "case against" fulani. Na wangepigwa faini ingeandikwa "were fined", ina d mwishoni, hapo haina, maana yake wako wazima. Ila kilichokuponza hasa ni neno la kwanza kuvuta la pili, kesi ikaita faini. Ile "treatment" uliyoiruka ndo ingekuokoa, ni matibabu, mahakamani watu hawatibiwi.

Dogo wa Tandika: Dawa ni moja tu, neno lolote linalofanana na Kiswahili usiliamini.

Ticha Mstaafu: Hapana, utabaki na nini sasa? "Reported" hapo hapo ni kuripotiwa kweli. Lisome kama lilivyo, ila likigoma kukaa na majirani zake rudi nyuma.

Mama Wawili: Mi niliandikiwa na chuo cha nje ufadhili wangu haugharamii "tuition". Nikasema poa tu, tuisheni ya nini na mi kichwa? Kumbe ndo ada yenyewe jamani, sikwenda.

Nesi Temeke: Ticha hapo sikubali. Wodini kila siku tunasema leo tumepokea kesi tatu za kuhara, na ni Kiswahili.

Ticha Mstaafu: Hicho cha kazini kwenu. Mwambie bibi yako ana kesi ya malaria uone kama hatauliza kashtakiwa na nani.

Nesi Temeke: Bibi yuko kijijini, wa hapa mjini wanaelewa.

Muuza Vitenge: Sasa na "gave an account of the journey"? Niliandika alitoa akaunti ya safari.

Ticha Mstaafu: Alisimulia safari. Hela haijatajwa popote hapo, ungeshtuka.