Laini mbili, intaneti inapita laini isiyo na bando: nizime kubadili, nitumie brauza nyingine au simu ya pili?

Mwana_Dom
Wakuu, habari za jioni. Simu yangu ni ya Android, ya laini mbili. Laini A ina bando la mwezi la GB 20, hiyo ndiyo ya intaneti. Laini B wateja wananipigia, na natumia kutuma pesa. Haina bando, ina salio tu. Jana asubuhi niliiongezea B shilingi 5,000, mchana zimebaki mia chache, na sikupiga simu hata moja. Muda huo nilikuwa kwenye Chrome nasoma matangazo ya zabuni huku wateja wananipigia. Nataka Chrome itumie A tu. Kati ya njia hizo tatu, ipi inafaa?

Tatu_K
Weka Firefox pia. Chrome iachie B, Firefox ipe A, kisha zabuni zako usome Firefox. Au ingia kwenye mipangilio ya Chrome uizuie kutumia data, salio halitaguswa.

Fundi_Makole
Tatu, ukiizuia Chrome salio litapona kweli, lakini na bando la A halitatumika, kwa sababu kwenye simu nyingi kizuizi hicho kinafunga data ya laini zote mbili. Na brauza haina uwezo wa kuchagua laini. Chrome inaomba intaneti, simu ndiyo inayoamua ipitie wapi, na simu zetu za kawaida hupitisha data kwenye laini moja kwa wakati. Ukiweka brauza tano, zote zitapita huko huko.

Mwana_Dom, maelezo yako kuhusu wateja kupiga ndiyo yanayonifanya nishuku kubadili laini. Simu nyingi, ukipokea simu kwenye B, data ya A husimama. Ili usikatike, simu inahamishia data B mpaka mazungumzo yaishe. Jaribu hivi: zima waifai na VPN, fungua ukurasa wowote unaoonyesha anwani yako ya IP na jina la kampuni ya mtandao. Itatokea kampuni ya A. Sasa mtu akupigie B, pokea, na ukiwa bado hewani ufungue ukurasa huo upya. Likitokea jina la kampuni ya B, umeshajua salio linaishia wapi.

BinSeif_Muscat
Mimi nina laini ya Oman na ya nyumbani Tanzania kwenye simu moja. Hofu yangu ilikuwa data kuhamia ya nyumbani, maana huku hiyo ni romingi na gharama yake si ndogo. Nimezima `Roaming` kwenye ya Tanzania peke yake. Ujumbe mfupi unaingia kama kawaida, data haipiti. Ndugu yangu, zima romingi ya B.

Fundi_Makole
Kwako Muscat ni sawa kabisa, sheikh. Yeye yuko Dodoma na B iko kwenye mtandao wake wenyewe, romingi haimzuii kitu.

Mwana_Dom
Nimejaribu. Nikiwa kwenye simu, jina limegeuka likawa la B. Nikikata, baada ya muda mfupi linarudi A. Nazimia wapi?

Fundi_Makole
Fungua mipangilio ya laini B. Kwenye baadhi ya simu utaona `Data during calls`, nyingine `Automatic data switching`. Kwenye Samsung tafuta ndani ya `SIM manager`. Zima. Kisha, kama ulinzi wa pili, nenda matumizi ya data ya B, `Data warning & limit`, uweke kikomo kidogo, tuseme MB 10. Mpangilio ukijirudisha wenyewe, B itakatwa ikifika hapo. Ila hesabu hiyo ni ya simu, ya kampuni inaweza kutofautiana kidogo.

Gharama yake ni kwamba mteja akipiga B, ukurasa wako utagoma mpaka mmalize. Kama huwezi kukubali hilo, weka A kwenye simu ya pili na uwashe hotspoti. Simu yako itatumia waifai hata ukiwa unaongea. Hotspoti ikikatika itarudi kwenye data ya laini, kwa hiyo kwenye simu yenye B zima data ya laini kabisa.

Kipepeo88
Mimi nimezima kubadili, na kurasa zinafunguka nikiwa naongea laini ya pili.

Fundi_Makole
Inategemea chipu ya simu yako. Zipo zinazoweza kubeba simu ya laini moja na data ya nyingine kwa pamoja.

Mwana_Dom
Nimezima, na kikomo cha MB 10 kiko B. Kwangu ukurasa unagoma nikiongea. Zabuni zinaweza kusubiri dakika chache, ila kupakia nyaraka karibu na saa ya mwisho kunanitia wasiwasi. Kuna aliyewahi kukatikiwa katikati ya kupakia kwa sababu ya simu kuingia? Ilibidi aanze upya?