Sivii ya bingwa wa uzazi vs tangazo letu, naomba msaada

Afisautumishi_wilayani: Wakuu habari za mchana, mimi ni wa utumishi, si mtu wa tiba. Hospitali yetu ya misheni tumetangaza nafasi ya bingwa wa wanawake na uzazi, awe amesajiliwa kama bingwa, anafanya mwenyewe oparesheni za uzazi na kutoa kizazi, na azoee onkoli, yaani kuitwa kazini saa yoyote hata usiku, maana atakuwa bingwa peke yake. Kuna sivii moja nzuri, MD 2014, shahada ya ubingwa MMed 2021, kaandika "usajili kamili MCT", "oparesheni zaidi ya 400" na "onkoli miaka 7". Nimwite au?

Kijana wa Moro: Mwite mkuu, la msingi leseni ya mwaka huu iwe hai, hayo mengine mtayaona usaili.

Dkt_Bara: Leseni hai ni lazima kweli ila haitoshi. "Usajili kamili" anaupata hata daktari wa kawaida akishamaliza intanshipu, kwahiyo huyu inawezekana ana usajili wa MD tu na ule wa ubingwa hajaomba. Omba cheti chenyewe usome kimeandikwa nini, halafu uhakikishe na Baraza la Madaktari Tanganyika, ndiyo hiyo MCT, usiishie kwenye fotokopi.

Hiyo 400 sasa. Mwombe logibuku ya oparesheni zake au barua ya mkuu wa idara itenganishe alizofanya mwenyewe na alizosaidia. Tuseme kati ya 400, oparesheni za uzazi ni 350, hizo hata asiye bingwa anazifanya kila siku. Zinabaki 50, ukifungua unakuta kutoa kizazi ni 20 na 15 kati ya hizo alikuwa msaidizi. Kwahiyo amefanya mwenyewe 5, na kwenu usiku mama akiendelea kutoka damu baada ya kujifungua hakuna wa kumwita.

Mama Neema: Mimi ni daktari msaidizi, AMO, oparesheni za uzazi nimefanya miaka mingi kijijini na bado sivii yangu hairudishiwi majibu. Mtanichukua?

Dkt_Bara: Dada kazi yako naiheshimu sana, ila tangazo hili ni la bingwa. Afisa, na hiyo miaka 7 kuanzia 2014 inafika 2021, yaani ni intanshipu, udaktari wa kawaida na masomo ya MMed, kipindi chote juu yake kulikuwa na mtu wa kumpigia. Muulize tangu 2021 amekaa onkoli wapi, yeye ndo wa mwisho kuitwa au wa kwanza?

Nesi wa zamu: Hapo kwenye onkoli sikubaliani sana. Kuna wodi rezidenti, yule daktari anayesomea ubingwa, anaamua mwenyewe usiku kucha bingwa yuko nyumbani, huwezi kuifuta yote. Pigia simu manesi wa leba alikotoka, wanajua nani akiitwa saa nane anakuja.

Afisautumishi_wilayani: Asanteni, cheti na logibuku naomba leo. Ila manesi nitawapigiaje bila yeye kujua, si bado yuko kazini huko?

Nesi wa zamu: Mwombe ruhusa yeye kwanza, akikataa mwambie akutajie wa kumpigia.

Dkt_Bara: Na akitaja rafiki yake?